Mpakani mwa Vihami Viwili: Kwa Nini Mistari ya Uga wa Umeme Hupinda

Katika vitabu vya fizikia vya sekondari, mistari ya uga wa umeme baina ya bamba mbili zenye chaji huchorwa ikiwa imenyooka na kuachana kwa nafasi sawa, ikitoka bamba chanya na kuishia bamba hasi. Mchoro huo ni sahihi, lakini usahihi wake unatokana na jambo moja: baina ya bamba hizo pamewekwa kitu cha aina moja tu, yaani hewa au ombwe. Vyombo vya umeme vinavyotumika nje ya darasa havijengwi hivyo. Ndani ya transfoma kubwa mna mafuta na kadibodi iliyoshindiliwa. Juu ya nguzo ya umeme kauri hugusana na hewa. Ndani ya kebo mna plastiki, na pengine kiputo kidogo cha hewa kilichobaki humo bila kukusudiwa.

Kila mahali ambapo vihami viwili vya namna hii vinapogusana, mistari ya uga hupinda ghafla, na ukali wa uga hubadilika. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi kupinda huko kunavyoweza kuhesabiwa kutokana na masharti mawili mepesi, ambayo mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari za kazi na chaji anaweza kuyathibitisha mwenyewe. Tutaona pia kwamba hesabu hiyo inatoa onyo kwa mjenzi wa mitambo: mara nyingi kihami kilicho dhaifu ndicho kinachotwishwa mzigo mkubwa zaidi.

TABIA YA KIHAMI NDANI YA UGA

Kihami hakipitishi mkondo, lakini hakikai kimya kinapowekwa ndani ya uga wa umeme. Katika kila molekuli, chaji chanya husukumwa kidogo upande mmoja na chaji hasi upande mwingine. Chaji hizo haziwezi kusafiri, kwa kuwa zimefungwa katika molekuli zao. Husogea kidogo tu. Ndani kabisa ya kihami misogeo hiyo hufutana, lakini usoni hakuna jirani wa kuifuta. Hivyo uso mmoja wa kihami hubaki na utando mwembamba wa chaji hasi, na uso wa pili utando wa chaji chanya. Utando huo huzaa uga wake wenyewe, ambao ndani ya kihami huelekea kinyume cha uga ulioletwa kutoka nje na kuupunguza.

Kiasi cha upungufu huo hutofautiana kutoka kihami hadi kihami. Mwaka 1837 Michael Faraday alilipima jambo hili huko Uingereza kwa kulinganisha vyombo viwili vilivyofanana, kila kimoja kikiwa na tufe ndani ya tufe kubwa zaidi, akajaza sehemu ya nafasi ya chombo kimoja kwa kihami kama kioo au salfa. Aliona kwamba kwa volti ileile chombo chenye kihami kilihifadhi chaji nyingi zaidi. Siku hizi tabia hiyo tunaieleza kwa namba inayoitwa permitiviti linganifu, ambayo tutaiandika ε. Kwa ombwe namba hii ni 1 kamili, na kwa hewa inakaribia sana 1. Kwa mafuta ya transfoma ni karibu 2.2, na kwa kadibodi ya transfoma iliyolowa mafuta hayo ni karibu 4.4. Permitiviti ya kitu chenyewe hupatikana kwa kuzidisha ε kwa permitiviti ya ombwe, ε₀.

Jambo moja katika maelezo haya msomaji alishike vizuri, kwa kuwa ndilo ufunguo wa yote yatakayofuata. Utando wa chaji uliotandazwa juu ya uso bapa huzaa uga uliosimama wima juu ya uso huo, ama kuelekea upande huu au upande ule. Karibu kabisa na uso, utando hauna uwezo wa kuzusha tofauti ya ghafla katika uga unaokwenda sambamba na uso. Kwa hiyo tunapovuka mpaka tutazamie kwamba sehemu ya uga iliyo wima itabadilika ghafla, na sehemu iliyo sambamba itabaki kama ilivyokuwa. Masharti mawili yafuatayo yanalithibitisha jambo hilo kwa hesabu.

SHARTI LA KWANZA: KITANZI

Tuchukue mpaka bapa baina ya kihami cha 1, chenye permitiviti linganifu ε₁, na kihami cha 2, chenye ε₂. Uga katika kila kihami tuugawe katika sehemu mbili: Es, inayokwenda sambamba na mpaka, na Ew, iliyosimama wima juu yake.

Sasa tufikirie njia yenye umbo la mstatili mrefu na mwembamba. Upande mmoja mrefu, wenye urefu L, unapita ndani ya kihami cha 1, karibu sana na mpaka. Upande wa pili mrefu unarudi ndani ya kihami cha 2. Pande mbili fupi zinakatiza mpaka. Tukiichukua chaji moja ndogo na kuizungusha katika njia hiyo mpaka irudi pale ilipoanzia, kazi yote iliyofanywa na uga lazima iwe sifuri. Kama isingekuwa sifuri, tungeweza kuizungusha chaji hiyo siku nzima na kuvuna nishati isiyotoka popote, jambo lisilowezekana.

Tuzifanye pande fupi ziwe fupi kadiri tupendavyo, hata kazi inayofanyika juu yake isihesabike. Zinabaki pande ndefu mbili, na juu yake ni sehemu sambamba ya uga tu inayofanya kazi. Kwa kila kizio kimoja cha chaji:

Es₁L − Es₂L = 0

Es₁ = Es₂

Hili ndilo sharti la kwanza: sehemu sambamba ya ukali wa uga huvuka mpaka bila kubadilika.

SHARTI LA PILI: KOPO

Kwa sharti la pili tunahitaji kiasi kingine, kinachoitwa uhamisho wa umeme, nacho huandikwa D. Katika vihami vya kawaida D ni zao la permitiviti na ukali wa uga:

D = εε₀E

Faida ya D ni kwamba inahesabu chaji huru peke yake, yaani zile tulizoziweka wenyewe juu ya bamba au nyaya. Chaji zilizofungwa katika molekuli zimekwisha kuhesabiwa ndani ya ε. Kanuni ya Gauss inasema kwamba jumla ya D inayotoka katika uso uliofungwa ni sawa na chaji huru iliyomo ndani yake.

Tufikirie kopo bapa, mfano wa kopo la rangi ya viatu, lililozama nusu katika kihami cha 1 na nusu katika kihami cha 2, mfuniko na kitako chake vikiwa sambamba na mpaka. Eneo la mfuniko ni A. Tuupunguze urefu wa kopo hata ubavu wake usiwe na eneo la kuhesabika. Inabaki D inayoingia kwa kitako na D inayotoka kwa mfuniko. Ikiwa hakuna mtu aliyeweka chaji huru juu ya mpaka, basi:

Dw₁A − Dw₂A = 0

ε₁Ew₁ = ε₂Ew₂

Hili ni sharti la pili. Sehemu wima ya D haibadiliki, na kwa sababu hiyohiyo sehemu wima ya ukali wa uga hubadilika: upande wenye permitiviti ndogo hupata ukali mkubwa.

UHUSIANO WA PEMBE

Yaliyobaki ni hesabu fupi. Tuite θ pembe iliyo baina ya mstari wa uga na mstari uliosimama wima juu ya mpaka. Kwa kila upande, tan θ ni sehemu sambamba ya uga ikigawanywa kwa sehemu wima:

tan θ₁ = Es₁/Ew₁ na tan θ₂ = Es₂/Ew₂

Tugawanye mlinganyo wa kwanza kwa wa pili. Kwa kuwa Es₁ na Es₂ ni sawa, zinafutana, na sharti la pili linatupa uwiano wa Ew₂ na Ew₁:

tan θ₁ / tan θ₂ = Ew₂/Ew₁ = ε₁/ε₂

Mstari wa uga unapoingia katika kihami chenye permitiviti kubwa zaidi, pembe yake huongezeka, yaani mstari hujitenga na wima na kulalia mpaka. Unapotoka kuingia katika kihami chenye permitiviti ndogo, husimama na kuukaribia wima. Mstari unaofika mpakani ukiwa wima haupindi kamwe, kwa kuwa tan 0° ni sifuri pande zote mbili. Lakini ukali wake hubadilika, na hubadilika kwa kiasi kikubwa kuliko kwa pembe nyingine yoyote. Mwanafunzi asidhani kwamba mahali ambapo mstari haukupinda hapakutokea kitu.

Msomaji anayekumbuka masomo ya mwanga atashtuka kidogo hapa. Mwale wa mwanga ukitoka hewani kuingia katika kioo huukaribia wima; mstari wa uga hufanya kinyume. Tena kanuni ya mwanga hutumia sin, na hii hutumia tan. Hapana mgongano baina ya kanuni hizi, kwa sababu hazizungumzi habari ya kitu kimoja. Mwale unaonyesha njia ambayo nishati ya wimbi inasafiri. Mstari wa uga unaonyesha mwelekeo wa kani ambayo chaji ingeipata mahali hapo. Hakuna kitu kinachosafiri juu yake. Kutokana na tofauti hiyo, mistari ya uga haina pembe ya mwisho ambayo ikipitwa mstari hurudishwa wote ndani, kama mwanga unavyorudishwa ndani ya maji. Thamani ya tan hupanda kutoka sifuri hadi bila kikomo, kwa hiyo kwa kila pembe ya upande mmoja ipo pembe ya upande wa pili.

MFANO: MAFUTA NA KADIBODI NDANI YA TRANSFOMA

Katika transfoma kubwa, nafasi iliyo baina ya koili ya volti nyingi na koili ya volti chache hugawanywa kwa kuta nyembamba za kadibodi, na mafuta hujaza nafasi zilizobaki. Mafuta yana kazi mbili, kuhami na kuondoa joto. Kadibodi huyagawa mafuta katika mifereji myembamba, kwa maana mfereji mwembamba huhimili ukali mkubwa wa uga kuliko nafasi pana.

Tuseme mahali fulani ukutani, ndani ya kadibodi, uga una ukali wa kilovolti 3 kwa milimita, nao umeinama kwa pembe ya 60° kutoka wima. Je, katika mafuta yaliyo upande wa pili wa mpaka pana nini?

Tunaanza na sehemu mbili za uga ndani ya kadibodi:

Es = 3 sin 60° = 2.60 kV/mm

Ew = 3 cos 60° = 1.50 kV/mm

Sehemu sambamba huvuka bila kubadilika. Sehemu wima huzidishwa kwa 4.4/2.2, yaani kwa 2. Kwa hiyo katika mafuta:

Es = 2.60 kV/mm

Ew = 3.00 kV/mm

E = √(2.60² + 3.00²) = 3.97 kV/mm

tan θ = 2.60/3.00 = 0.866, na θ = 40.9°

Mstari uliokuwa umeinama 60° sasa umeinama 41° hivi, na ukali umepanda kutoka 3 hadi karibu 4. Hapa ndipo lilipo onyo tulilolitaja. Kadibodi iliyolowa mafuta vizuri ni kihami imara kuliko mafuta yenyewe. Hata hivyo mafuta ndiyo yanayobeba ukali mkubwa zaidi. Kuongeza unene wa kadibodi huku nafasi yote ikibaki ileile hakuyapunguzii mafuta mzigo. Kwa kuwa volti zote hugawanywa baina ya tabaka hizo, mafuta machache yaliyosalia hubana volti nyingi zaidi katika kila milimita yake.

Lipo jambo la pili katika hesabu hii, nalo ni ile sehemu sambamba ya kilovolti 2.60 kwa milimita. Sehemu hiyo inavuta chaji kuambaa uso wa kadibodi. Uso wa kadibodi ni njia dhaifu: nyuzi ndogo, unyevu na uchafu hukusanyika hapo, na cheche ikianza kutambaa juu yake huacha alama nyeusi zenye matawi kama mti usio na majani. Alama hizo zina kaboni, na kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo kila cheche huirahisishia njia cheche inayofuata.

Dawa yake inatokana na uhusiano wetu wa pembe. Ikiwa kuta za kadibodi zitasimama wima dhidi ya mistari ya uga kila mahali, Es itakuwa sifuri na hapatakuwa na kitu cha kuvuta chaji kuambaa uso. Karibu na katikati ya koili hilo ni jepesi, kwa kuwa mistari imenyooka kutoka koili hadi koili. Kwenye ncha za koili mistari hutawanyika na kujikunja. Ndiyo sababu kadibodi za sehemu hizo hufinyangwa ziwe na umbo la pete zenye kona iliyoviringwa, zikifuata nyuso zenye volti sawa. Nyuso za volti sawa daima husimama wima dhidi ya mistari ya uga, na kadibodi inayozifuata hukatwa na mistari hiyo kwa pembe iliyo karibu na sifuri.

KIPUTO CHA HEWA

Hatari huzidi pale ambapo kihami cha pili hakikukusudiwa kuwapo. Tuchukue kadibodi ileile yenye uga wa kilovolti 3 kwa milimita, tuseme hiki ni kiwango cha juu kinachofikiwa katika kila nusu ya mzunguko, na ndani yake kimebaki kiputo cha hewa chenye umbo bapa kama sarafu, unene wake milimita 0.1. Uso wake mpana unaelekeana na uga. Mistari inaingia wima, basi haipindi. Lakini kwa sharti la pili:

Ew hewani = 4.4 × 3 = 13.2 kV/mm

Katika unene wa milimita 0.1 hiyo ni kilovolti 1.32. Pengo la hewa ya kawaida lenye unene huo hupasuliwa na umeme kwa takribani kilovolti 1. Kwa hiyo kiputo kitatoa cheche, ingawa kadibodi inayokizunguka haijasumbuka hata kidogo. Katika umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde kilele cha volti hufikiwa mara 100 kila sekunde, na kila mara huleta cheche mpya ndani ya kiputo.

Sasa tubadili umbo tu. Kiputo kikiwa tufe, mistari hukikuta uso wake kwa pembe mbalimbali, wima katika ncha zinazoelekeana na uga na sambamba ubavuni. Masharti yetu mawili yakitimizwa kila mahali juu ya tufe, uga wa ndani huwa:

E hewani = 3εE/(2ε + 1) = 13.2 × 3/9.8 = 4.0 kV/mm

Kiputo cha tufe chenye kipenyo cha milimita 0.1 kitapata kilovolti 0.4 tu, na hakitatoa cheche. Na kama nafasi ya hewa ni nyembamba kama sindano, imelala kwa kufuata uga, sharti la kwanza ndilo linalotawala: ukali wa ndani ni sawa na wa nje, yaani kilovolti 3 kwa milimita. Hewa ni ileile na kadibodi ni ileile. Tofauti yote imetokana na jinsi mistari inavyoukuta mpaka.

Cheche hizi ndogo haziunganishi waya na waya, kwa hiyo fyuzi haikatiki na mashine huendelea kufanya kazi. Lakini huunguza ukuta wa kiputo, huvunja molekuli za mafuta na kutoa gesi, hasa hidrojeni. Mafundi hugundua hali hiyo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchota mafuta kidogo kutoka transfoma na kupima gesi zilizoyeyuka ndani yake. Ya pili ni kupima mishtuko midogo ya chaji kwenye nyaya za transfoma, ambayo huhesabiwa kwa pikokulombi. Ili viputo visiwepo tangu mwanzo, koili na kadibodi hukaushwa kwa joto ndani ya ombwe, na mafuta huingizwa kabla hewa haijapata nafasi ya kurudi.

MAHALI AMBAPO UHUSIANO HUU HAUTUMIKI

Katika sharti la pili tulisema kwamba hakuna chaji huru juu ya mpaka. Kwa mkondo geu wa mizunguko 50 dhana hiyo inafaa, kwa sababu uga hugeuka upesi mno kabla chaji za kuhesabika hazijakusanyika. Kwa mkondo mnyoofu haifai. Hakuna kihami kisichopitisha umeme kabisa. Mafuta na kadibodi hupitisha kidogo sana, na mafuta hupitisha zaidi ya kadibodi. Uga ukielekea upande mmoja kwa muda mrefu, chaji nyingi hufika mpakani kupitia mafuta kuliko zinazoweza kuendelea kupitia kadibodi. Zinarundikana hapo mpaka mkondo unaofika uwe sawa na mkondo unaoondoka. Hapo kinacholingana pande zote mbili ni mkondo, na uhusiano wa pembe hubadilika kuwa:

tan θ₁ / tan θ₂ = κ₁/κ₂

ambapo κ ni upitishaji wa kila kihami. Tuseme kwa mfano kwamba mafuta yanapitisha mara 100 kuliko kadibodi. Katika mpaka wetu wa awali wenye 60° ndani ya kadibodi, pembe ndani ya mafuta haitakuwa 40.9° bali 89.7°, mstari utalala karibu sambamba na uso. Mzigo sasa umehamia katika kadibodi, kinyume kabisa cha hali ya mkondo geu.

Mitambo ya namna hii ipo katika eneo letu. Njia ya mkondo mnyoofu kutoka Inga hadi Kolwezi nchini Kongo, yenye urefu wa kilomita 1700 hivi, ilikamilishwa mwaka 1982, na ile ya kutoka Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya ilianza kupitisha umeme mwaka 2022. Transfoma zilizopo kwenye vituo vya ncha za njia hizo hupokea volti za mkondo geu na za mnyoofu kwa pamoja, kwa hiyo mjenzi hulazimika kufanya hesabu zote mbili. Zaidi ya hayo, mwelekeo wa volti ukigeuzwa, chaji zilizorundikana mpakani hazitawanyiki mara moja. Kwa kitambo uga wake hujumlika na uga mpya ndani ya mafuta, na mafuta yaliyokuwa yamepumzika hutwikwa mzigo ghafla.

JARIBIO LA DARASANI

Kupima mistari ya uga ndani ya kadibodi ni kazi isiyowezekana shuleni, lakini uhusiano wa upitishaji tuliouona hivi punde unaweza kuonyeshwa kwa maji ya bomba. Chukua sinia pana ya plastiki, ya sentimita 40 kwa 30 hivi. Weka bamba la chuma katika kila ncha. Ndani yake laza kipande cha plastiki ngumu au kioo chenye unene wa sentimita 1 kifunike nusu ya sakafu ya sinia, ukingo wake ukikatiza sinia kwa mshazari wa 45° hivi. Mimina maji mpaka yafike sentimita 2 upande wenye kina kirefu. Juu ya kipande kitabaki kina cha sentimita 1. Maji ya kina kirefu hupitisha mkondo mara mbili ya maji ya kina kifupi, na ukingo wa kipande ndio mpaka.

Unganisha bamba na transfoma ndogo ya volti 6 za mkondo geu. Usitumie betri, kwa maana gesi zitakusanyika kwenye bamba na kuharibu vipimo. Kwa kutumia voltimita ya mkondo geu, tafuta sehemu zenye volti 3 pande zote mbili za mpaka, uziandike kwenye karatasi ya miraba, kisha uziunganishe kwa mstari. Mstari huo wa volti sawa utaonekana umevunjika mpakani. Pembe iliyo baina yake na mpaka ni sawa na pembe ya mstari wa mkondo kutoka wima, kwa hiyo tan ya upande wa kina kirefu ikigawanywa kwa tan ya upande wa kina kifupi itoe karibu 2. Usipime ndani ya sentimita 2 kutoka ukingoni, kwa sababu hapo mkondo unapanda na kushuka kufuata hatua ya sakafu.

SWALI KWA MWANAFUNZI

Mstari wa uga hewani unaukuta uso wa kioo chenye ε = 6 kwa pembe ya 30° kutoka wima. Tafuta pembe yake ndani ya kioo, na ukali wa uga humo ukilinganishwa na ukali wa hewani.

Jibu: tan θ = 6 × tan 30° = 3.46, hivyo θ ni karibu 74°. Sehemu sambamba ni 0.50 ya ukali wa hewani, na sehemu wima ni 0.866/6 = 0.144. Ukali wote ndani ya kioo ni 0.52, yaani nusu na kitu kidogo ya ule wa hewani.